Kutoka gunia 8 hadi 16: jinsi ongezeko la mavuno linavyopimwa kwenye shamba darasa

Mkulima akisema, "Zamani nilikuwa napata gunia nane kwa ekari, mwaka huu nimepata kumi na sita," mwenye kazi ya ugani hapaswi kukimbilia kuandika ripoti. Kwanza aulize: gunia lipi, ekari ipi, na mvua ya mwaka ule wa zamani ilikuwaje? Nimeifanya kazi hii miaka mingi kwenye mashamba ya mahindi ya Nyanda za Juu Kusini, na naamini maswali hayo yakikosa majibu, ongezeko linalotangazwa linaweza kuwa la maneno tu.

Tuanze na gunia. Kwa hesabu ya Tanzania, gunia la mahindi ni kilo 100. Kwa wenzetu Kenya ni kilo 90, ndiyo maana kulinganisha "magunia kwa ekari" ya pande mbili za mpaka hupotosha. Lakini hata ndani ya kijiji kimoja gunia halina uzito mmoja. Kuna lumbesa, ambalo limejazwa likaongezewa kichwa na kushonewa kamba juu. Kuna mahesabu ya debe, ambapo debe sita huhesabiwa gunia moja, na debe lililosawazishwa kwa ubao halilingani na lile lililojazwa hadi likafanya kichuguu. Mkulima anayehesabu ya nyumbani kwa debe la kusawazisha na ya kuuza kwa lumbesa hana kosa lolote, lakini hesabu zake mbili haziwezi kuwekwa kwenye mizani moja.

Ekari ndiyo yenye mtego zaidi. Vijijini ekari hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Kipimo hicho si cha kubuni: ukichukua yadi 70 mara yadi 70 unapata yadi za mraba 4,900, na ekari kamili ni 4,840. Kwa hiyo kinafanya kazi vizuri kabisa, alimradi hatua ya mpimaji iwe yadi moja, yaani karibu sentimita 91. Mtu mfupi anayepiga hatua ya sentimita 80 atapata mraba wa mita 56 kwa 56, ambao ni kama robo tatu ya ekari na ziada kidogo. Mrefu mwenye hatua ya mita nzima atapata meta za mraba 4,900, zaidi ya ekari moja na moja ya tano. Sasa wote wawili wavune gunia kumi kutoka kwenye "ekari" zao. Ukipima sawasawa, wa kwanza amepata karibu gunia 13 kwa ekari na wa pili gunia 8 na kidogo. Tofauti ya gunia zaidi ya nne imeletwa na miguu, wala si mbegu au mbolea. Ndiyo maana kikundi kinapoanza, kitu cha kwanza ninachokiomba ni kamba ya mita 50 iliyopimwa kwa futi ya fundi. Simu yenye ramani husaidia kwenye shamba kubwa, ila kwenye kieneo kidogo hukosea kiasi cha kuharibu hesabu.

Mvua tutairudia, kwa sababu ndiyo iliyofanya shamba darasa liwe na umbo lililo nalo.

Vipande vitatu bega kwa bega

Shamba darasa lilianzia kwenye mpunga wa Indonesia mwaka 1989, FAO walipokuwa wakiwasaidia wakulima kupunguza dawa zilizokuwa zikiua wadudu rafiki na kuwaacha waharibifu wakizaliana. Miaka ya tisini lilifika Afrika Mashariki. Msingi wake haujabadilika. Wakulima kati ya 20 na 30 hukutana kwenye shamba moja, kwa kawaida mara moja kwa wiki, tangu kupanda hadi kuvuna, na wao wenyewe ndio wanaoangalia, wanaohesabu na wanaoamua. Bwana shamba au bibi shamba huongoza, hahubiri.

Ukilinganisha mavuno ya mwaka huu na ya mwaka jana, huwezi kujua mvua imefanya kiasi gani na ushauri umefanya kiasi gani. Ukilinganisha shamba la mwanakikundi na la jirani asiye mwanakikundi, unaingia kwenye tatizo jingine: mara nyingi wanaojiunga ni wale wenye ng'ombe wa kulimia, wenye nguvu kazi au wenye shamba zuri, ambao wangevuna zaidi hata bila kikundi. Njia iliyobaki ni kupanda namna zote mbili kwenye udongo uleule, siku ileile, chini ya mvua ileile.

Kwa hiyo tunapima vipande. Mahali pachaguliwe kwa uangalifu, maana kila kikundi hupenda kutoa eneo lililo kando ya barabara, na si ajabu eneo hilo likawa lilikuwa zizi la ng'ombe miaka iliyopita. Mahindi yanayoota juu ya samadi ya zamani hayasemi lolote kuhusu mbolea unayotaka kuijaribu. Kichuguu nacho kikwepwe, pamoja na kivuli cha mti na mahali maji yanapotuama. Wazee wa kijiji ndio wanaoijua historia ya udongo, na ni vizuri kuwauliza kabla ya kupigilia vigingi.

Mpangilio ninaoupenda una vipande vitatu. Cha kwanza kinalimwa kwa mazoea ya hapo kijijini, na ni wakulima wenyewe wanaosema mazoea ni yapi: tuseme mbegu ya kujihifadhia, nafasi ya kukadiria kwa macho, bila mbolea. Cha pili kinapewa mbegu bora iliyothibitishwa na nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mimea miwili kila shimo, lakini bado bila mbolea. Cha tatu ni kama cha pili, kisha kinaongezwa mbolea ya DAP wakati wa kupanda na urea mahindi yanapofika magotini. Palizi na tarehe ya kupanda ni zilezile kote. Watu wengi hufanya vipande viwili tu, cha zamani na cha kisasa, na mwishoni hawawezi kusema ni nini hasa kilicholeta tofauti.

Kila kipande ni mita 12 kwa 12, ila tutakayoyapima ni yale ya katikati, mita 10 kwa 10. Mimea ya pembeni hupata mwanga na nafasi zaidi, hivyo huzaa kuliko wenzake na kuipandisha hesabu. Kamba za mraba wa ndani zipite katikati ya mistari, zisipite juu ya mimea. Zikilazimika kusogezwa, pima upya na utumie eneo halisi. Mraba huo wa meta za mraba 100 una faida kubwa kwa wakulima, kwa sababu ekari ina meta za mraba 4,047. Ukipata kilo za kipande, zidisha kwa 40 na kitu kidogo, una kilo za ekari. Kila mtu anaweza kuipiga hesabu hiyo chini ya mti.

Vipimo vya mbolea navyo havihitaji mizani. Kizibo cha soda kilichojaa hubeba takriban gramu tano. Kwa nafasi ya 75 kwa 60, ekari ina mashimo kama 9,000, hivyo kizibo kimoja kwa shimo kinakupa kilo 45, yaani mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha ekari na unabakiza kidogo. Mbolea hufunikwa kwa udongo kidogo kabla ya mbegu kuingia, kwani mbegu ikiigusa DAP huungua. Urea nayo ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu. Ikimwagwa juu ya ardhi kavu wakati wa jua, sehemu ya naitrojeni yake hupaa hewani kama gesi, na mkulima anabaki akilaumu duka kwamba limemuuzia mbolea feki.

Kuhesabu kabla ya kuvuna

Kuna kazi moja ambayo haipigwi picha na hakuna mgeni anayeletwa kuiona, nayo ni kuhesabu mimea. Wiki mbili baada ya kuota, wanakikundi wanapita mstari kwa mstari na kuandika kwenye daftari mimea iliyosimama ndani ya mraba. Kwa nafasi ile, mraba unapaswa kuwa na mashimo 222 na mimea 444. Haifiki kamwe. Panya, ndege, mchwa na mbegu mbovu huchukua sehemu yao. Siku ya kuvuna wanahesabu tena.

Katikati ya hapo kuna kazi ya kila wiki ya kukagua. Kwa viwavijeshi vamizi, walioonekana barani kwa mara ya kwanza mwaka 2016, kundi dogo la watu watano hupita shambani kwa njia ya zigizaga, linasimama sehemu tano na kukagua mimea kumi kila sehemu. Wanatafuta majani yaliyokwanguliwa yakabaki kama kioo na kinyesi kibichi kinachofanana na unga wa msumeno ndani ya moyo wa mmea. Matundu ya zamani yasiyo na kinyesi kipya hayahesabiwi, maana kiwavi keshaondoka na dawa haitamfuata. Mahindi yakiwa bado machanga na mimea kumi kati ya hiyo hamsini ina dalili mpya, hapo ndipo mjadala wa dawa unaanza. Pungufu ya hapo, mara nyingi kikundi huamua kuwaponda kwa mkono na kurudi wiki ijayo. Uamuzi wowote uandikwe, kwa sababu kipande kilichopuliziwa hakiwezi kulinganishwa kwa haki na ambacho hakikupuliziwa.

Siku ya mizani

Siku ya kuvuna mizani ya kuning'iniza inafungwa kwenye tawi, inajaribiwa kwa kitu chenye uzito unaojulikana (mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa unafaa), na kila kipande kinavunwa peke yake. Kabla ya kukata, tunahesabu mabua yaliyonyofolewa. Mahindi mabichi ya kuchoma yana wapenzi wengi, na kipande kizuri ndicho kinachoibiwa zaidi. Mabua hayo yakipuuzwa, kipande cha ushauri kitaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Mahindi yanamenywa maganda na kupimwa yakiwa kwenye magunzi. Kisha yanachukuliwa magunzi kumi bila kuchagua, makubwa kwa madogo, yanapimwa, yanapukuchuliwa, na punje peke yake zinapimwa tena. Hapo tunajua punje ni asilimia ngapi ya uzito wote. Halafu punje zinawekwa kwenye kipima unyevu. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayorukwa mara nyingi, na ndiyo yenye uwongo mwingi.

Tuchukue mfano wa hesabu ili kila kitu kionekane. Tuseme kipande cha mazoea kimetoa kilo 27 za mahindi kwenye magunzi, na punje ni asilimia 78, yaani kilo 21. Kipima unyevu kinasoma asilimia 22. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu wa karibu asilimia 13, kwa hiyo tunayageuza yote yawe kana kwamba yamekauka kiasi hicho. Kinachobaki bila maji ni sehemu 78 kati ya 100, na kwenye mahindi makavu ni sehemu 87, basi unazidisha kilo 21 kwa 78 na kugawa kwa 87. Jibu ni karibu kilo 18.9. Kwa ekari hiyo ni kilo 765.

Kipande cha pili kimetoa kilo 36, punje asilimia 78, unyevu 24. Kwa hesabu ileile tunapata kilo 24.5 kavu, sawa na kilo 993 kwa ekari. Cha tatu kimetoa kilo 58, punje asilimia 80, unyevu 25, na kinafika kilo 40 kavu, yaani kilo 1,619 kwa ekari. Angalia kile cha tatu kingesemaje bila kipima unyevu: punje zake mbichi zilikuwa kilo 46.4, ambazo kwa ekari ni kilo 1,878. Kilo 259 za ziada, zaidi ya gunia mbili na nusu, ni maji. Na kwa kuwa mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea na mbegu ya muda mrefu huchelewa kukauka, kosa hili kwa kawaida hukipendelea kipande cha ushauri. Pasipo na kifaa, chumvi kavu ndani ya chupa kavu pamoja na punje hutoa dalili: ukitikisa na chumvi ikang'ang'ania kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Lakini chumvi haikupi namba ya kuweka kwenye hesabu. Ukiitegemea, subiri mahindi ya vipande vyote yaanikwe yakauke, ndipo upime.

Sasa daftari la kuhesabu mimea linarudi mezani. Tuseme kipande cha mazoea kilikuwa na mimea 290 siku ya kuvuna, cha pili 400, cha tatu 405. Gawa kilo kavu kwa mimea: cha kwanza kila mmea umetoa gramu 65, cha pili gramu 61, cha tatu gramu 99. Hapa wakulima huinamia daftari, kwa sababu linaeleza mambo mawili tofauti. Ongezeko la kipande cha pili limetoka kwenye wingi wa mimea peke yake. Kila mmea umezaa pungufu kidogo, kwani mimea mingi inagombea chakula kilekile cha ardhini. Ongezeko la kipande cha tatu limetoka kwenye kujaa kwa gunzi. Nafasi iliandaa walaji, mbolea ikaleta chakula. Anayenunua mbolea na kuimwaga kwenye shamba lenye mapengo analipia mimea ambayo haipo. Hata hivyo, hatuwezi kusema kwamba mbolea peke yake huongeza kilo 626, kwa sababu hatukuwa na kipande chenye mbolea na nafasi ya zamani. Tunachoweza kusema ni kwamba imeongeza hizo juu ya nafasi nzuri.

Kilo zikigeuka shilingi

Siku moja mzee wa kikundi alinisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Bwana shamba, kilo nimezielewa. Mfukoni inabaki nini?" Ni swali ambalo afisa ugani anapaswa kuwa na jibu lake kabla hajaulizwa.

Tuendelee na mfano wetu, tukiweka bei za kufanyia hesabu tu. Kati ya kipande cha kwanza na cha tatu kuna kilo 854 zaidi. Kwa shilingi 500 kwa kilo, hiyo ni shilingi 427,000. Gharama zilizoongezeka: mbegu 65,000, vibarua wa kupanga nafasi kwa kamba 15,000, DAP 75,000, urea 70,000, vibarua wa kuweka mbolea 30,000. Jumla 255,000. Kinachobaki ni 172,000. Ukitenganisha, mbegu na nafasi zimebakiza 34,000, na mbolea imebakiza 138,000.

Inapendeza, mpaka uishushe bei. Mahindi yakiuzwa shilingi 300 wakati wa mavuno, kilo zile 854 zinaleta 256,200, na faida yote ni shilingi 1,200. Mavuno yameongezeka zaidi ya maradufu na mfuko haujahisi kitu. Wengi katika kazi hii hutumia kipimo kwamba kila shilingi iliyoongezwa irudishe angalau mbili ndipo mkulima mdogo ashauriwe kuingia, maana mvua inaweza kukata na bei inaweza kuanguka. Hata kwa bei ya 500, mfano wetu unarudisha 1.67 tu. Kwa hiyo mkulima anayesita kununua mifuko miwili ya mbolea kwa mkopo si mbishi. Amepiga hesabu ya hatari vizuri kuliko sisi tunaomhimiza. Mjadala wenye maana kwa kikundi hicho ni kuweka mbolea kwenye nusu ekari kwanza, kununua kwa pamoja bei ikiwa chini au kwa ruzuku, na kuhifadhi mahindi kwenye mifuko isiyopitisha hewa hadi bei ipande.

Shamba la darasa na shamba la nyumbani

Kipande kimoja kinaweza kudanganya hata kikipimwa vizuri, ndiyo maana ni bora vipande vilevile virudiwe kwa wanakikundi wanne au watano katika vitongoji tofauti. Vikikubaliana, una jambo la kusema. Vikitofautiana sana, una jambo la kuchunguza: pengine kitongoji kimoja kina gugu la kiduha linalonyonya mizizi ya mahindi, au udongo wenye tindikali ambao unaishika fosfati isifike kwenye mmea.

Bado hilo halijaonyesha kwamba kijiji kimevuna zaidi. Shamba darasa linapaliliwa na watu 25 kwa wakati. Shamba la nyumbani linapaliliwa na mama na watoto wawili baada ya kazi nyingine zote, wakati mwingine wiki mbili baada ya siku iliyotakiwa. Msimu unaofuata, nenda kwa wanakikundi wenyewe. Majina yote yaandikwe kwenye vikaratasi na yachaguliwe kwa kura, ili wasijitokeze wenye mashamba ya kujivunia peke yao. Mraba wa mita 10 kwa 10 nao uwekwe kwa namba za kura: hatua kadhaa kutoka kona, kisha hatua kadhaa kuelekea ndani, na popote unapoangukia ndipo unapopima, hata pakiwa na pengo. Ukimwachia mwenye shamba achague, atakupeleka panaponawiri, na hakuna mwenye shamba ambaye hangefanya hivyo.

Ripoti inayotokana na kazi hiyo huwa na namba ndogo kuliko ya shamba darasa. Ndani yake nataka nione mavuno ya chini kabisa, ya juu kabisa na yale ya katikati, wanakikundi wangapi walitumia kamba, wangapi waliweka mbolea, na kwenye sehemu gani ya mashamba yao. Mwenye ekari tatu aliyefuata ushauri kwenye robo ekari anahesabiwa robo ekari.